Mpima aliye Mpanda afanyeje ili ajulikane bila kuhamia Dar?

*"Nina shahada ya jiomatiki kutoka Chuo Kikuu Ardhi. Nilirudi Mpanda kumuuguza mama, na sasa namsaidia mpima mmoja aliyesajiliwa, huku nikichapisha ramani ndogondogo za watu. Wa fani yangu hapa mjini hatuzidi watano. Mafunzo na mikutano yote iko Dar, Dodoma au Arusha, na nauli peke yake inanimaliza. LinkedIn nina watu mia saba, WhatsApp niko kwenye makundi manne ya wapima, lakini sijawahi kupata kazi hata moja kupitia huko. Je, nihamie Dar tu, au kuna namna ya kujulikana nikiwa hapa hapa?"*

Kwa sababu hiyo peke yake, usihame. Namna ipo, na katika fani yetu kukaa Mpanda kunakupa kitu ambacho mwenzako wa Mikocheni hana. Lakini kwanza tuwaangalie hao watu mia saba, maana ukielewa kwa nini hawajakuletea kazi, utaona pa kuanzia.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya utafiti wake kuhusu wataalamu na mameneja wa mji wa Newton, Massachusetts. Aliwauliza wale waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua: huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Waliosema "mara kwa mara" hawakufika asilimia 17. Karibu asilimia 56 walisema walionana naye mara mojamoja, na karibu asilimia 28 walisema kwa nadra sana. Sababu yake ni rahisi. Rafiki yako wa karibu anajua unachojua na anasikia unachosikia, kwa hiyo habari mpya hutoka kwa mtu anayeishi mduara mwingine. Wenzako wanne wa Mpanda wanakupenda, lakini tangazo likiwafikia wao, wewe umeshalisikia.

Wengi wakisikia hivyo hukimbilia kujaza wageni mtandaoni, na hapo ndipo panapokosewa. Mwaka 2022 ulitoka utafiti mwingine katika jarida la Science, uliotumia takwimu za LinkedIn za watu takriban milioni 20. Ulithibitisha kwamba watu wa mbali husaidia kupata kazi kuliko wa karibu, lakini ukaongeza jambo muhimu: waliosaidia zaidi walikuwa wa mbali kiasi. Mtu wa mbali kabisa, mgeni asiye na lolote la kumuunganisha na wewe, hakuwa na msaada mkubwa.

Sasa jipime. Wale wanne wako karibu mno. Wale mia saba wako mbali mno, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewahi kuona kazi ya mkono wako. Unaowakosa ni wa katikati, yaani mtu aliyewahi kufanya nawe jambo moja dogo, kiasi kwamba siku akiulizwa "unamjua mtu wa kuaminika kule Katavi?" ana jina la kutaja na hana wasiwasi wa kuaibika. Watu kumi na tano wa namna hiyo wanatosha kubadilisha maisha ya mpima.

Makundi ya WhatsApp hayawezi kukupa hao. Tangazo la zabuni likiwekwa kundini linawafikia wote kwa dakika ileile, na hakuna anayemdhamini mwenzake. Baki humo kwa ajili ya habari, lakini usitegemee udhamini.

Kwa hiyo swali lako halisi ni hili: mtu aliye Mpanda atafanya jambo dogo na mtu wa Dar, Nairobi au Ulaya mahali gani, bila nauli? Kwa fani nyingine jibu ni gumu. Kwa fani yetu jibu lina jina: OpenStreetMap.

Nadhani umeisikia chuoni, pengine hata umewahi kuchora majengo mawili matatu. Ni ramani ya dunia iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri na yeyote anaweza kuitumia. Mashirika ya misaada huitegemea sana mahali ambapo ramani nyingine hazina kitu. Mwaka 2014 Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza, Madaktari Wasio na Mipaka na kundi la Humanitarian OpenStreetMap Team walianzisha Missing Maps, mradi unaowaita watu wa kujitolea kuchora maeneo hayo kutoka kwenye picha za setilaiti. Kwa upande wetu, Crowd2Map imekuwa ikichora vijiji vya Tanzania tangu 2015.

Hapa ndipo ulipo utajiri wako. Mtu aliyeketi Ujerumani anaona paa la bati, lakini hajui kama ni zahanati, ghala la tumbaku au kanisa. Anaona mstari wa njia, lakini hajui kwamba Januari gari halipiti pale. Anaona nyumba mia mbili zimekaa pamoja na hajui kijiji kinaitwaje. Kuchora kutoka mbali kunaweza kufanywa na yeyote. Kujua hakuwezekani bila mtu wa pale, na huko Katavi watu wa pale wenye shahada ya jiomatiki ni wachache mno. Dar ungekuwa mmoja kati ya mamia.

Usidhani pia kwamba wa Dar walijuana kwa kuhudhuria mikutano. Mradi wa Ramani Huria ulipoanza 2015, uliwachukua wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakatembea mitaani pamoja na wakazi, wakichora mitaro na nyumba za kata zinazofurika. Walijuana kwa kutembea juani na kurekebishana makosa. Mkutano mkubwa wa kimataifa wa programu huria za ramani, FOSS4G, ulipofanyika Dar mwaka 2018, waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa tayari wanajuana kwa kazi. Ukumbini walikwenda kupeana mikono. Ukienda mkutanoni bila kazi inayokutangulia, utarudi na kalamu na begi la kitambaa.

Basi anza hivi. Fungua akaunti kwa jina lako au jina linalotamkika, usijiite "mapper_tz_88". Kwenye ukurasa wako andika mistari minne: wewe ni nani, umesomea nini, unaishi wapi, na ni eneo gani unalijua kwa miguu yako. Kisha weka mahali pa nyumbani kwenye ramani. Wengi huruka hatua hii, nayo ndiyo inayoufanya mfumo ukuonyeshe wachoraji walio jirani nawe, na wao wakuone. Kwa usalama weka alama katikati ya mji, si juu ya nyumba ya mama.

Halafu chagua kipande kidogo unachoweza kukimaliza. Mimi ningechagua visima na vituo vya maji vya kata moja. Barabara zimeshachorwa nusunusu, na majengo yanawavutia wachoraji wa mbali. Maji yanahitajika na watu wengi kwa wakati mmoja: RUWASA wanaosimamia maji vijijini, idara ya afya, walimu, na mashirika yote yanayopita wilayani. Isitoshe, hali ya pampu haionekani kutoka angani.

Kabla ya kutoka, mwone mtendaji wa kijiji umweleze unachofanya. Hii si adabu tu. Mtu anayezunguka na simu akipiga picha visima bila kujulikana huzua maneno, na maneno hayo yakifika wilayani yatakutangulia kila mahali. Kwenye simu tumia programu ya Every Door. Inakuruhusu kupakua eneo ukiwa na mtandao, kufanya kazi bila mtandao, kisha kupandisha ukirudi mjini. Bando dogo la usiku linatosha. Kisima cha pampu ya mkono kilichoharibika kitaandikwa hivi:

```
man_made=water_well
pump=manual
pump:status=broken
check_date=2025-06-14
```

Mistari minne tu. Wa tatu unamwambia mtu jambo ambalo hakuna setilaiti ingemwambia, na wa nne unamwambia kwamba uliona kwa macho yako siku ile. Ukihariri kwenye tovuti ya OpenStreetMap, kabla ya kupandisha utaombwa maelezo ya ulichobadilisha. Usiandike "maboresho". Andika kwa ukamilifu: "Visima vya pampu ya mkono, kata fulani, Manispaa ya Mpanda. Nimevitembelea mwenyewe." Ongeza sentensi moja ya Kiingereza yenye maana hiyohiyo, maana wengi wanaokagua mabadiliko ya ramani hawasomi Kiswahili. Maelezo hayo hubaki milele chini ya jina lako, na mtu akitaka kujua kama wewe ni makini ataanzia hapo.

Hadi hapa hujajenga uhusiano wowote. Umejenga sababu ya kuwa nao. Uhusiano unaanza unapofungua historia ya eneo lako kwenye ramani na kuona ni nani alichora nini kabla yako. Utakuta majina. Mmoja alichora barabara zote za kata ile miaka mitatu iliyopita. Mwingine aliweka shule. Hao ndio wa kuwaandikia, kwa sababu tayari mna kitu kimoja mnachokijali nyote wawili, tena kitu chenye latitudo na longitudo.

Ngoja nikusimulie ilivyokwenda kwa kijana mmoja niliyemsimamia, aliye kwenye mji mdogo mkoani Ruvuma. Mwanzoni aliwaandikia watu wawili wa Dar akijitambulisha na kuomba wamkumbuke ikitokea fursa. Hawakujibu, na sikushangaa. Ujumbe wa namna ile unamwachia mwenzako kazi ya kufikiri: anikumbuke kwa lipi? Nikamshauri aache kuomba fursa, aulize swali ambalo mtu anaweza kulijibu kwa dakika tano, na aambatanishe alichokiona.

Wakati huo alikuwa amegundua kwamba mama mmoja wa Ulaya, mchoraji wa ramani hii, amechora barabara inayovuka mto mahali pasipo na daraja. Kwenye picha ya setilaiti njia inaonekana pande zote mbili, kwa hiyo yule mama aliunganisha. Kwa uhalisia watu huvuka kwa miguu kiangazi, na masika hawavuki kabisa. Akamwandikia ujumbe, ambao kwa Kiswahili ungesomeka hivi:

"Habari za kazi. Naishi karibu na barabara uliyoichora mwezi ule, na nashukuru, kabla yako hapakuwa na kitu. Nimefika pale kwenye mto: hakuna daraja, ni kivuko cha miguu, na masika hakipitiki. Nimeambatanisha picha. Je, niikate barabara pale mtoni mwenyewe, au mna utaratibu wenu wa kuandika vivuko vya namna hii? Kuna njia nyingine ulizozichora ambazo una shaka nazo? Naweza kuziangalia."

Tazama ujumbe ule unavyofanya kazi. Unashukuru kwa jambo halisi. Unaleta ushahidi. Swali lake lina jibu fupi. Sentensi ya mwisho inatoa kabla ya kupokea. Yule mama alijibu siku ileile, na baada ya wiki moja akamtumia orodha ya njia tisa alizokuwa na shaka nazo. Kijana hakuzitembelea zote. Aliwauliza bodaboda wa stendi, wanaojua kila kivuko, akaenda mwenyewe kwenye mbili ambazo majibu yao yaligongana. Akarudisha majibu yote tisa, na kila moja akaandika amelijuaje: nimeona, au nimeambiwa na madereva wawili.

Hiyo hatua ya kurudisha majibu ndiyo inayowashinda wengi. Mtu anauliza, anajibiwa, anashukuru, anapotea. Aliyejibu hajui kama msaada wake ulifaa. Ukirudi baada ya wiki mbili na kusema "nilifanya ulivyoniambia, hiki ndicho kilichotokea", umevuka kutoka mgeni hadi mtu wa katikati. Sijaona njia nyingine ya haraka kuliko hiyo.

Yule mama hakuwa na kazi ya kumpa. Lakini alikuwa mkaguzi katika mradi uliokuwa unaratibiwa na mtu wa Dar, na mratibu yule alikuwa anatafuta wa kuhakiki vituo vya afya vya wilaya mbili za kusini. Aliuliza kwenye kikao cha mtandaoni kama kuna anayemjua mtu kule. Mama akalitaja jina la kijana. Mratibu alifungua ukurasa wake, akasoma maelezo ya mabadiliko yake, akampigia simu. Zilikuwa wiki chache za kazi yenye posho, hazikuwa ajira. Tangu ujumbe wa kwanza hadi simu ile ulipita karibu mwaka. Nakutajia muda huo kwa makusudi, ili usikate tamaa mwezi wa tatu.

Angalia njia ambayo habari ilipita: mratibu wa Dar na kijana wa Ruvuma, nchi moja, lugha moja, walikutanishwa na mtu wa Ulaya ambaye hajawahi kumwona yeyote kati yao ana kwa ana. Huwezi kupanga jambo kama hilo mapema. Unachoweza ni kuhakikisha kwamba watu wanaokaa kwenye miduara tofauti na wako wana jambo moja la kusema juu yako, nalo ni la kweli.

Kuna nusu ya pili, ambayo ushauri mwingi wa mitandaoni huiacha. Daraja lina pande mbili, na upande wa Mpanda ni wako. Ukimaliza visima vya kata moja, chapisha ramani yake kwa ukubwa wa A3, kwa kuwa mashine unayo. Nakala moja mpe mtendaji wa kata aibandike ofisini. Nyingine mpelekee fundi wa RUWASA wilayani, nyingine mganga wa zahanati. Usiwauzie. Waulize tu: kipi hakiko sawa hapa? Watakuonyesha visima viwili ulivyovikosa na kimoja kilichotengenezwa wiki iliyopita. Rekebisha, uwarudishie.

Watu hao hawako kwenye "fani" yako, na najua ndiyo maana hukuwahesabu uliponiandikia kwamba hamzidi watano. Lakini ndio wanaopokea wageni. Shirika likija Katavi na mradi wa maji au chanjo, hupitia ofisi hizo kwanza na kuuliza kama kuna ramani. Ramani ikiwa ukutani na jina lako likiwa pembeni chini, mgeni hataanza kwa kutafuta Dar. Halafu wewe peke yako ndiye unayejua pande zote mbili: unajua mkaguzi wa mbali anataka nini, na unajua fundi wa maji analalamikia nini. Anayekaa kwenye pengo la namna hiyo huwa na thamani kwa pande zote.

Usije ukadhani kwamba kujulikana wilayani kunakwepesha taratibu. Zabuni za serikali hupita kwenye mfumo wa NeST, na fundi wa maji hata akikupenda vipi hawezi kukukabidhi kazi ya umma mkononi. Anachoweza ni kukueleza mapema kinachohitajika na kukutaja kwa mkandarasi anayetafuta mtu wa kupima.

Sasa mambo yanayoharibu jina, kwa sababu mtandaoni jina likiharibika halifichiki. La kwanza ni kunakili majina au mistari kutoka Google Maps na kuweka kwenye OpenStreetMap. Hairuhusiwi kabisa, kwa sababu ya haki za umiliki, na wakaguzi hugundua. Kazi yako yote inaweza kufutwa. Vivyo hivyo na faili ulilopewa na ofisi: hata kama aliyekupa ni rafiki, bila idhini ya maandishi usilipandishe. La pili linakuhusu wewe hasa kama mpima: usiweke mipaka ya viwanja. OpenStreetMap si daftari la ardhi, na mstari uliouchora kwa nia njema unaweza kuonyeshwa kwenye baraza la ardhi kama ushahidi katika ugomvi wa ndugu. La tatu ni majina ya watu. Kisima cha kijiji andika, lakini "kwa mzee fulani" usiandike. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata bila sheria, watu waliokukaribisha uani hawakukuruhusu kuwatangazia dunia nyumba yao.

Lingine ni la kutumiwa. Kazi ya kujitolea ina watu wema wengi, na ina wachache watakaokugeuza kuwa mtumishi wa bure. Mpaka wangu mimi ni huu: kile kinachobaki wazi kwa wote, na ninachokifanya kwa wakati wangu, natoa bure. Mtu akitaka eneo analolichagua yeye, kwa tarehe anayoipanga yeye, kwa mpangilio wa faili anaoutaka yeye, hiyo ni kazi ya mteja na ina bei. Akikwambia "hii itakupa jina", mjibu kwa upole kwamba jina unalo tayari, na umtumie kiungo cha ukurasa wako.

LinkedIn usiifute. Ibadilishe iwe kibao cha dukani. Kila unapomaliza kipande, weka picha mbili, kata ilivyokuwa kwenye ramani kabla na ilivyo sasa, na aya moja ya ulichojifunza. Kisha pitia wale mia saba taratibu, uwatafute wanaogusa maji, afya, kilimo au ardhi katika mikoa ya magharibi, na uwaandikie wawili kwa mwezi kwa mtindo wa ujumbe wa yule kijana. Wawili, siyo ishirini. Ukiwaandikia ishirini hutaweza kuwarudia na majibu, na bila kurudia hakuna uhusiano. Vikao vya mtandaoni navyo chagua kimoja uhudhurie kila kinapofanyika. Zima video kuokoa bando, uliza swali moja kwa maandishi, na kesho yake mwandikie mtu mmoja aliyesema jambo lililokugusa.

Utajuaje kama inafanya kazi? Usihesabu wafuasi. Baada ya miezi sita, hesabu watu wa nje ya Katavi waliokuanza wao kwa swali: barabara hii inapitika? kituo hiki bado kipo? Wakiwa watatu au wanne, uko njiani, hata kama hujapata shilingi. Kama hakuna hata mmoja, shida kwa kawaida ni moja kati ya mbili. Ama unachora vitu ambavyo mtu wa mbali angeweza kuchora mwenyewe, ama unafanya kazi kimya bila kumwandikia mtu yeyote. Badilisha hilo kabla ya kuongeza saa.

Kuhusu Dar, nitakuwa mkweli. Yapo mambo ambayo mtandao hauyatoi. Ukitaka kujifunza kurusha droni za upimaji kwa vibali vyake, au kutumia vipokezi vya usahihi wa sentimita, unahitaji kusimama kando ya mtu anayekurekebisha mkono. Ukitaka kusajiliwa kama mpima, zungumza na baraza la usajili ujue masharti yao ya sasa ya kazi chini ya msimamizi, na umuulize yule unayemsaidia hapo Mpanda kama yuko tayari kukusimamia rasmi. Mazungumzo hayo myafanye mkiwa mmekaa, siyo kwa ujumbe wa simu. Kama hawezi, basi miezi kadhaa kwenye kampuni ya mjini ni uwekezaji wenye maana. Lakini nenda kwa lengo hilo, ukijua unachokifuata, na kama hali ya mama inaruhusu.

Kwa mikutano, ningekushauri safari moja kwa mwaka, na uipange kwa kuanzia kwa watu. Ukishakuwa na wanne au watano Dar au Dodoma mliofanya nao kazi mtandaoni, waandikie wiki tatu kabla na uombe nusu saa ya kila mmoja, ofisini kwake. Beba ramani zako zilizochapishwa. Mkutano ukiwa wiki hiyo, vizuri. Usipokuwapo, hujapoteza safari. Mikutano ya wachoraji wa OpenStreetMap iitwayo State of the Map, ya dunia na ya Afrika, hutoa ufadhili wa nauli kwa baadhi ya washiriki, na fomu zake kwa kawaida huuliza jina lako la OpenStreetMap. Ukijaza fomu hiyo leo wataona ukurasa mtupu, kwa hiyo subiri kata yako ikamilike.

Na mtu yeyote atakayekuja kupitia mtandao akitaka ulipe kwanza, iwe ada ya usajili wa mradi, ya mafunzo ya lazima au ya kukuwekea nafasi, usilipe. Mratibu wa kweli atataka kuona kazi yako. Ukiwa na shaka, nenda na ujumbe huo kwa ofisa ardhi wa manispaa au kwa mpima unayefanya naye kazi, mkausome pamoja kabla hujajibu.